Kwa nini shokapu kubwa mno hulirudishia daraja mtikisiko

Tarehe 10 Juni 2000 jiji la London lilifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, kati ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo na jumba la sanaa la Tate Modern. Liliitwa Daraja la Milenia. Ni daraja jembamba lenye nyaya za chuma zilizolazwa chini kando kando, na vipande vyake vitatu vina urefu wa mita 81, 144 na 108. Siku hiyo watu zaidi ya 80,000 walilivuka, na kuna nyakati walifika 2,000 juu yake kwa pamoja. Daraja likaanza kuyumba upande kwa upande, sentimita kadhaa kila upande, hata watu wakalazimika kushika vyuma vya pembeni. Siku mbili baadaye lilifungwa. Lilifunguliwa tena tarehe 22 Februari 2002.

Wahandisi wa kampuni ya Arup waliolisanifu walirudi darajani kupima. Walichokipata ni hiki: mtu anayetembea juu ya sakafu inayoyumba huipa sakafu kani ya upande inayokwenda sambamba na kasi ya kuyumba kwake. Sakafu ikiyumba kwa kasi zaidi, naye huisukuma zaidi. Walikadiria kwamba kila mtu huchangia takribani niutoni 300 kwa kila mita moja kwa sekunde ya kasi ya sakafu. Katika jaribio la kipande cha kaskazini, watu waliongezwa kidogo kidogo na daraja likatulia, mpaka walipofika kama 160. Hapo wachache tu walioongezeka walitosha kulifanya liyumbe kwa nguvu.

Tiba ilikuwa kufunga vifaa vya kufyonza mtikisiko. Vilifungwa 37 vinavyofanya kazi kama shokapu ya gari, yaani bastola inayosukuma majimaji mazito, na vingine 52 vya aina ya tungamo linaloning'inia kwenye springi. Kabla ya hapo daraja lilikuwa na chini ya asilimia 1 ya ufifishaji unaohitajika kuuzuia mtikisiko usipite hata mara moja upande wa pili. Baada ya hapo, kwa mitikisiko ya upande, kiwango hicho kilipanda hadi kati ya asilimia 15 na 20.

Lakini shokapu zifungwe wapi, na ziwe na nguvu kiasi gani? Swali hilo linajibiwa kwa hesabu moja ambayo mwaka 2001 wanahisabati Françoise Tisseur na Karl Meerbergen waliiandikia mapitio marefu, nao wakalitaja daraja hilihili. Mtu anaweza kudhani jibu ni jepesi: funga shokapu kubwa kuliko zote. Hesabu inasema sivyo, na mfano mdogo unaoweza kuandikwa kwenye karatasi moja unatosha kuonyesha sababu.

Namba mbili ndani ya moja

Tuanze na kitu kimoja tu: tungamo lililofungwa kwenye springi na shokapu. Kani tatu zinashindana. Tungamo linapinga kuchapushwa, shokapu inapinga kasi, springi inapinga kusogezwa. Kitu kisiposukumwa na mtu, jumla ya kani hizo ni sifuri:

```
m·mchapuko + c·kasi + k·msogeo = 0
```

Hapa m ni tungamo, c ni nguvu ya shokapu na k ni ukakamavu wa springi. Sasa tunakisia kwamba msogeo unabadilika kwa muda kwa namna ambayo kasi yake kila wakati ni msogeo wenyewe mara namba fulani isiyobadilika. Namba hiyo tuiite λ. Basi kasi ni λ mara msogeo, na mchapuko ni λ mara kasi, yaani λ² mara msogeo. Mlinganyo unageuka kuwa wa kipeo cha pili, ule unaofundishwa sekondari:

```
m·λ² + c·λ + k = 0
```

Tuchukue m = 1, c = 2 na k = 5. Majibu ni mawili: λ = −1 + 2i na λ = −1 − 2i. Hizi ni namba changamano, na kila sehemu yake ina habari yake. Sehemu ya pili, ile 2, inaeleza kasi ya kwenda na kurudi: mzunguko mmoja kamili huchukua sekunde 3.14. Sehemu ya kwanza, ile −1, inaeleza kasi ya kufifia: ukubwa wa mtikisiko hupungua nusu kila baada ya sekunde 0.69.

Alama ya sehemu ya kwanza ndiyo hukumu. Ikiwa hasi, mtikisiko unakufa. Ikiwa sifuri, unaendelea bila kukoma. Ikiwa chanya, unakua. Mhandisi anayechunguza daraja anatafuta namba hizi zote za daraja lake, kisha anaangalia ipi iliyo karibu zaidi na sifuri, kwa kuwa hiyo ndiyo ya mtikisiko utakaochelewa kufa kuliko mingine yote. Wanahisabati wanaziita thamani aigeni.

Vitu vinapokuwa vingi

Daraja si tungamo moja. Kwenye kompyuta linagawanywa vipande maelfu, kila kimoja na msogeo wake, na kila kimoja kinavutana na jirani zake. Badala ya m, c na k tunapata majedwali matatu ya namba, yaani matriki: M ya tungamo, C ya ufifishaji na K ya ukakamavu. Mlinganyo unabaki na sura ileile:

```
(λ²M + λC + K) x = 0
```

Herufi x ni orodha ya misogeo ya vipande vyote. Tunatafuta λ pamoja na orodha x isiyo sifuri tupu inayoutosheleza mlinganyo huo.

Kama shokapu zisingekuwapo, kazi ingekuwa nyepesi. C ingetoweka, λ² ingesimama peke yake, na hesabu za kawaida za matriki mbili linganifu zingemaliza kazi. Kila mtikisiko ungekuwa na umbo lake, na vipande vyote vingefika kileleni kwa wakati mmoja. Mwingereza Rayleigh, katika kitabu chake cha sauti kilichoanza kutoka mwaka 1877, alionyesha kwamba wepesi huo hubaki hata ufifishaji ukiwapo, mradi C iwe mchanganyiko wa M na K tu. Hapo kila umbo hushughulikiwa peke yake, kama lile tungamo letu moja.

Sharti hilo linakaribia kutimia pale ufifishaji unapotoka kwenye chuma chenyewe na kusambaa kotekote. Shokapu haisambai. Inafungwa mahali pamoja, kati ya nukta mbili, na kuziacha nukta nyingine zote zilivyo. Ukifunga shokapu 37 mahali maalumu, C yako haifanani tena na M wala K.

Tuuone ukweli huo kwenye mfano mdogo kabisa. Weka matungamo mawili katika mstari kati ya kuta mbili. Springi ya kwanza inatoka ukuta wa kushoto hadi tungamo la kwanza, ya pili inaunganisha matungamo mawili, ya tatu inakwenda ukuta wa kulia. Matungamo yote na springi zote zina ukubwa wa 1. Shokapu moja tu, yenye nguvu c, inafungwa kati ya ukuta wa kushoto na tungamo la kwanza.

```
M = [ 1  0 ]    C = [ c  0 ]    K = [  2  -1 ]
    [ 0  1 ]        [ 0  0 ]        [ -1   2 ]
```

Kipimo cha kujua kama njia ya Rayleigh inafaa ni kuzidisha C kwa K, kisha K kwa C, na kulinganisha. M ikiwa ni hii yenye 1 tupu, majibu mawili yakifanana, njia inafaa. Hapa hayafanani: la kwanza lina −c kwenye kona ya juu kulia na sifuri kwenye kona ya chini kushoto, la pili ni kinyume chake. Njia nyepesi imefungwa. Kwa kuwa programu nzuri za kutafuta thamani aigeni zimejengwa kwa ajili ya mlinganyo ambao λ imesimama peke yake bila kipeo, lazima tuutafutie mlinganyo wetu sura hiyo.

Kasi inapewa kiti chake

Mbinu yenyewe ni ya kale na inaeleweka mara moja. Tatizo letu lina λ² kwa sababu tulieleza kila kitu kwa msogeo peke yake, tukailazimisha kasi ijifiche ndani ya λ. Tuifichue. Tuandike orodha ya pili, v, ambayo ni kasi za vipande vyote:

```
v = λx
```

Tukiingiza v ndani ya mlinganyo mkuu, λ²Mx inakuwa λMv, na λCx inakuwa Cv. Sasa tuna milinganyo miwili, na katika kila mmoja λ imebaki na kipeo cha kwanza tu:

```
λx  = v
λMv = -Kx - Cv
```

Tukiziweka x na v katika orodha moja ndefu, milinganyo hiyo miwili inakuwa mmoja wenye matriki moja. Kwa matungamo yetu mawili, orodha ina vitu vinne: misogeo miwili juu, kasi mbili chini. Matriki yake ni hii:

```
    [  0   0   1   0 ]
A = [  0   0   0   1 ]
    [ -2   1  -c   0 ]
    [  1  -2   0   0 ]
```

Safu mbili za juu zinasema tu kwamba badiliko la msogeo ni kasi. Safu mbili za chini ni sheria ya Newton: kushoto mna springi, kulia mna shokapu. Hakuna kilichokadiriwa wala kilichopotea. Kila thamani aigeni ya A ni jibu la mlinganyo wetu wa kipeo cha pili, na kila jibu la mlinganyo huo limo ndani ya A. Gharama yake ni ukubwa: vipande viwili vimezaa matriki ya nne kwa nne, na vipande 1,000 vitazaa matriki ya 2,000 kwa 2,000.

Kuongezeka maradufu huko kuna maana kamili. Ukitaka kujua tungamo litakuwa wapi baadaye, haitoshi kuambiwa liko wapi sasa. Lazima uambiwe pia linakwenda kwa kasi gani. Kila kipande kina habari mbili, kwa hiyo daraja lenye vipande n lina majibu 2n. Matriki ya ukubwa maradufu inahesabu kile ambacho daraja linacho tangu mwanzo.

Msomaji mwenye kompyuta anaweza kujaribu kwa programu ya bure iitwayo Octave:

```
c = 1;
M = eye(2); K = [2 -1; -1 2]; C = [c 0; 0 0];
A = [zeros(2) eye(2); -M\K -M\C];
eig(A)
```

Kinachotoka, na kinachoshangaza

Tukianza na c = 0, bila shokapu, kuna mitikisiko miwili. Katika wa kwanza matungamo yanakwenda upande mmoja pamoja, na λ ni 1i na −1i. Katika wa pili yanakwenda kinyume, na λ ni 1.732i na −1.732i. Sehemu ya kwanza ni sifuri kotekote: hakuna kinachofifia.

Tukiweka c = 1, tunapata jozi mbili: −0.292 ± 1.033i na −0.208 ± 1.601i. Shokapu moja iliyofungwa kwenye tungamo moja imeitia adabu mitikisiko yote miwili. Ule unaochelewa zaidi una −0.208, maana yake unapungua nusu kila sekunde 3.3 hivi. Umbo lake nalo limebadilika. Matungamo hayaendi tena kinyume kamili: yamepishana kwa digrii 128 badala ya 180. La kwanza linafika kileleni wakati la pili lingali njiani. Hali hii ya kupishana haiwezi kuelezwa na umbo moja lililoganda. Ndiyo maana x yenyewe inatoka ikiwa na namba changamano, na ndiyo maana njia ya Rayleigh isingeliona jambo hili.

Sasa tuzidishe nguvu ya shokapu maradufu, c = 2. Mtikisiko unaochelewa zaidi sasa una −0.137. Umechelewa zaidi kuliko hapo kabla. Tuweke shokapu yenye nguvu mara kumi, c = 10. Majibu mawili yanakuwa namba halisi tupu, −9.797 na −0.153, na jozi inayobaki ni −0.025 ± 1.415i. Mtikisiko huu unahitaji karibu sekunde 28 kupungua nusu, takribani mara nane ya muda wa shokapu ndogo.

Sababu inaonekana ukitazama x. Katika mtikisiko huo, tungamo la kwanza linasogea asilimia 7 tu ya msogeo wa tungamo la pili. Shokapu kali imelishika kama limeshikwa na ukuta. Lakini shokapu inakula nishati pale tu ncha zake zinaposogea. Ikilizuia tungamo lisisogee, inajinyima kazi yake yenyewe, na tungamo la pili linabaki likicheza huru kati ya springi mbili, kwa mwendo unaokaribia kabisa kipeuo cha pili cha namba 2, ambacho ni 1.414. Ukiongeza c bila kikomo, ile −0.025 inakaribia sifuri. Kwa mfano wetu, nguvu bora ni kidogo tu juu ya 1.

Jambo hili hutokea kwenye miundo halisi. Katika madaraja yanayoning'inizwa kwa nyaya za mshazari, kama Daraja la Nyerere la Kigamboni, kila waya ni mrefu na mwepesi kutikisika kwa upepo. Shokapu ya waya wa namna hiyo, inapofungwa, hukaa karibu na mwisho wake wa chini, mahali fundi anapoweza kufika. Hesabu za nyaya zinaonyesha kwamba shokapu iliyofungwa katika asilimia 2 ya urefu wa waya haiwezi kuupa zaidi ya takribani asilimia 1 ya ufifishaji, hata ikiwa imechaguliwa vizuri kiasi gani. Ikiwa dhaifu mno, haifyonzi. Ikiwa kali mno, inakuwa nanga mpya na kuufupisha waya kidogo, halafu waya unaendelea kutikisika.

Watembeaji wanapoingia ndani ya C

Turudi kwa watu waliokuwa juu ya daraja la London. Kani yao iliambatana na kasi, kwa hiyo mahali pake katika mlinganyo ni ndani ya C. Ila shokapu inatoa nishati darajani na wao walikuwa wanaiingiza, hivyo wanaingia kwa alama ya kutoa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hawahitaji hata kupatanisha hatua zao: kila mtu akijitahidi peke yake asianguke, nishati inaingia.

Tuwaweke watembeaji kwenye mfano wetu. Shokapu ya nguvu 1 inabaki kwenye tungamo la kwanza. Watembeaji wanasimama kwenye tungamo la pili, na nguvu yao ya kusukuma tuiite p. Kwenye matriki A, sifuri ya kona ya mwisho chini kulia inakuwa p. Ni p kiasi gani itakayolishinda daraja?

Akili ya haraka inasema 1: watembeaji wakiingiza nguvu sawa na ile ya shokapu, hapo ndipo mizani inapogeuka. Matriki inasema 0.5. Katika p = 0.5 milinganyo inagawanyika vizuri, na mwenye kalamu anaweza kuthibitisha kwa kuzidisha:

```
λ⁴ + 0.5λ³ + 3.5λ² + λ + 3 = (λ² + 2)(λ² + 0.5λ + 1.5)
```

Mabano ya kwanza yanatoa λ = ±1.414i, mtikisiko usiofifia kabisa. Ukiongeza p hata kidogo, sehemu yake ya kwanza inakuwa chanya na mtikisiko unakua wenyewe. Jumla ya ufifishaji katika muundo bado ni chanya, 1 kutoa 0.5, lakini daraja limekwisha kushindwa.

Sababu yake ni ileile ya mahali. Katika mtikisiko huo tungamo la pili linasogea mara 1.414 ya tungamo la kwanza. Nishati inakwenda na mraba wa kasi, kwa hiyo penye watembeaji kila kizio cha nguvu kina uzito wa mara mbili kuliko penye shokapu. Nusu mara mbili ni moja: kinachoingia kimelingana na kinachotoka. Kujumlisha tu nguvu za shokapu zote za daraja na kuondoa nguvu za watu wote kungempa mhandisi faraja ya uongo.

Jinsi ya kujua kompyuta imekosea

Kubadilisha tatizo kuwa la ukubwa maradufu ni sahihi kwenye karatasi, lakini kompyuta hubeba tarakimu kama 16 tu, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye mfano wetu namba zote zilikuwa karibu na 1. Kwenye muundo wa chuma, ukakamavu unaweza kuwa 1,000,000,000 huku tungamo likiwa 10,000. Katika matriki ya maradufu, namba hizo kubwa zinakaa pamoja na 1 za safu za juu. Programu inahakikisha kosa dogo ukilinganisha na namba kubwa kuliko zote, na kosa lililo dogo mbele ya bilioni linaweza kuwa kubwa mbele ya 1. Jibu linaweza kuwa sahihi kwa matriki ya maradufu na bado likawa baya kwa daraja.

Dawa yake ilielezwa vizuri na Fan, Lin na Van Dooren mwaka 2004: badilisha kizio cha muda kabla ya kuanza. Chukua kipeuo cha pili cha uwiano wa K kwa M. Kwa namba zetu uwiano ni 100,000, na kipeuo chake cha pili ni kama 316. Andika λ kuwa 316 mara namba mpya μ, gawanya mlinganyo mzima, na matriki za tungamo na ukakamavu zitakuja na ukubwa unaolingana. Ukipata μ, zidisha kwa 316 urudi kwenye λ. Hatua hii haigharimu karibu chochote.

Gharama halisi ni ya ukubwa. Kwa matriki zilizojaa, kazi inakua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa, kwa hiyo maradufu ya ukubwa ni mara nane ya kazi. Muundo wenye vipande makumi elfu hautafutiwi majibu yote. Programu inaelekezwa itafute machache tu yaliyo karibu na mitikisiko inayotisha, na kwa London hiyo ilikuwa ile ya upande iliyo kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja hivi kwa sekunde, kwa kuwa mguu wa kushoto na wa kulia wa mtembeaji husukuma upande kwa mwendo wa karibu na huo.

Majibu yakishatoka, kuna vipimo ambavyo mwanafunzi au mhandisi yeyote anaweza kuvifanya kwa dakika chache. Kwanza, rudisha λ na x kwenye mlinganyo wa awali wenye λ², si kwenye matriki ya maradufu, uone kama jumla inakaribia sifuri ukilinganisha na ukubwa wa M, C na K. Pili, angalia kama nusu ya chini ya orodha kweli ni λ mara nusu ya juu. Zikitofautiana, tarakimu zimeharibika njiani. Tatu, jumlisha thamani aigeni zote. M ikiwa na 1 tupu, jumla hiyo lazima iwe sawa na jumla ya namba za mshazari wa C zikiwekewa alama ya kutoa. Kwa mfano wetu wa c = 1, mara mbili ya −0.292 na mara mbili ya −0.208 ni −1, kama inavyopaswa. Nne, ikiwa hakuna kitu kinachoingiza nishati na bado unaona sehemu chanya, usiseme daraja litaanguka. Kagua kwanza alama na vizio ulivyoandika ndani ya C.

Hukumu ya mfano huu mdogo ni ya moja kwa moja. Nguvu ya shokapu haina maana mpaka ijulikane imefungwa wapi na nukta hiyo inasogea kiasi gani katika kila mtikisiko. Anayekuuzia usalama wa daraja kwa kuhesabu idadi na ukali wa shokapu peke yake, mwombe kwanza akuonyeshe thamani aigeni iliyo karibu zaidi na sifuri, na umbo linaloambatana nayo.